Kabla hujapeleka mali kwa mkopo: soma kampuni iliyo kwenye soko la hisa

Leo twende taratibu, hii inahusu pesa yako kabisa.

Wengi wetu tunaouza mtandaoni tunafika mahali supamaketi au kampuni kubwa inatuambia, "Tuletee katoni mia mbili, tutakulipa baada ya siku 60." Ni oda tamu, lakini hapo wewe ndiye unayekopesha. Na mtu wa kawaida atajuaje kama kampuni hiyo iko sawa ndani? Kama iko kwenye soko la hisa, inawezekana kujua, kwa sababu ililazimika kuvua koti mlangoni na inaendelea kulivua kila mwaka. Nitatumia Soko la Hisa la Nairobi.

Tuanze na mlango. Kwa kanuni za Kenya za mwaka 2002, kampuni iliyotaka kuingia sehemu kuu ya soko ilihitaji mtaji wa hisa uliolipwa wa angalau shilingi milioni 50. Mali yake halisi, yaani mali zote ukitoa madeni yote, isiwe chini ya milioni 100. Ilete hesabu za miaka mitano zilizokaguliwa na mkaguzi wa nje, na katika miaka hiyo mitano iwe imepata faida angalau mitatu. Halafu angalau asilimia 25 ya hisa ziwe mikononi mwa wenye hisa wasiopungua 1,000, bila kuhesabu wafanyakazi wake. Mwaka 2023 zilitoka kanuni mpya, kwa hiyo anayetaka kuingiza kampuni leo asome hizo za sasa. Sisi tunaangalia maana ya masharti yenyewe.

Miaka mitano ya hesabu ni kwa sababu mwaka mmoja unaweza kupambwa. Ukiuza sana Desemba ukapiga picha ya till yako, unaonekana tajiri. Miaka mitano inaonyesha Januari zako pia. Nao wale watu 1,000 ni ili bei ya hisa isipangwe na ndugu watatu mezani kwao. Hisa zikiwa kwa watu wengi, kuna wa kuuza, wa kununua na wa kuuliza maswali.

Lakini si kila kampuni imepita mlango huo. Januari 2013 soko lilifungua sehemu ya kampuni zinazokua, inaitwa GEMS. Pale mtaji ulitakiwa milioni 10 tu, na historia ya faida haikudaiwa. Badala yake kampuni ilitakiwa kuwa na mshauri aliyeidhinishwa wa kuisimamia. Home Afrika, kampuni ya ardhi na nyumba, ndiyo ilikuwa ya kwanza kuingia humo mwaka huohuo, kwa shilingi 12 kwa hisa. Baadaye hisa hiyo ilishuka mpaka chini ya shilingi moja. Kwa hiyo mtu akikuambia "sisi tuko kwenye soko la hisa", muulize: sehemu gani?

Sasa tuje kwenye faida yetu sisi wenye mali. Kampuni ikishaingia haifungi tena daftari. Hesabu za nusu mwaka inazitoa ndani ya siku 60, na za mwaka mzima ndani ya miezi minne. Ikiona faida ya mwaka huu itashuka kwa asilimia 25 au zaidi kuliko mwaka uliopita, inatakiwa kutangaza mapema. Ripoti ya mwaka inataja hata wenye hisa kumi wakubwa. Yote haya unayapata bure kwenye tovuti ya kampuni au ya soko.

Ukifungua ripoti usikimbilie faida. Tafuta mistari mitatu: wadai wa biashara, yaani pesa wasambazaji kama wewe wanazodai, gharama ya bidhaa zilizouzwa, na bidhaa zilizo stoo. Hebu tufanye hesabu kwa duka la kutunga. Gharama ya bidhaa ilizouza kwa mwaka ni shilingi bilioni 2.4, sawa na milioni 200 kwa mwezi. Wasambazaji wanadai milioni 800. Gawa 800 kwa 200, unapata miezi minne. Afisa wa manunuzi amekuambia siku 60, lakini daftari linasema watu wanasubiri kama siku 120. Angalia na mwaka uliopita: wasambazaji walidai milioni 500 na mauzo yalikuwa yaleyale, hiyo ni miezi miwili na nusu. Ina maana hali inaharibika.

Sasa angalia stoo. Ina mali ya milioni 300, yaani ya mwezi mmoja na nusu. Jamani, mzigo wako unauzwa ndani ya mwezi na nusu, pesa yako inakuja mwezi wa nne. Hiyo miezi miwili na nusu katikati, pesa yako inalipa nini? Mara nyingi inalipa kodi ya matawi, mishahara na riba ya benki. Ukiona hivyo, omba kulipwa nusu mbele, au peleka katoni 20 badala ya 200.

Kenya tuliona pande zote mbili. Nakumatt ilikuwa kampuni ya familia, haikuwa kwenye soko la hisa. Wasambazaji hawakuwa na ripoti ya kufungua. Wengi waliona tatizo pale rafu zilipobaki tupu, na Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Uchumi ilikuwa kwenye soko. Hesabu zake za mwaka ulioishia Juni 2015 zilionyesha hasara ya zaidi ya bilioni 3, na kila mtu alizisoma, hata mwenye kuuza nyanya.

Ila kuna kitu usisahau. Mwaka mmoja kabla, Uchumi hiyohiyo ilionyesha faida na ikauza hisa mpya kwa wenye hisa wake. Baadaye mdhibiti wa masoko ya mitaji aliwachukulia hatua baadhi ya waliokuwa viongozi wake kuhusu taarifa zilizotumika kuuza hisa hizo. Kwa hiyo kuwa sokoni si cheti cha uaminifu. Hesabu pia huja zikiwa zimechelewa: za Juni unaweza kuzipata Oktoba. Soma na ukurasa wa mkaguzi. Akiandika kwamba ana shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea na biashara, hiyo sentensi moja ni nzito kuliko picha zote za wakurugenzi wakitabasamu.

Kwa hiyo daftari lisomwe pamoja na macho. Pita dukani kwao uangalie rafu. Ongea na msambazaji mwingine, umuulize malipo yake ya mwisho aliyapata lini. Jibu lake likifanana na ile hesabu ya miezi minne, basi hesabu imesema kweli, na wewe unajua ni katoni ngapi unaweza kukaa bila pesa yake kwa miezi minne. Hizo ndizo upeleke.