Hedhi ya Siku Tisa na Tezi ya Shingo

*Mama Daktari, nina miaka 31, nimeolewa Kibosho, nina mtoto wa miaka minne. Zamani nilipata hedhi kila baada ya siku 28. Sasa hupita siku 40, hata 50, na ikija ni siku tisa, nzito, yenye mabonge. Mimba ya pili haiingii. Nasikia baridi kuliko wenzangu, napata choo kigumu, nywele zinakatika. Nilipimwa mjini Moshi nikaambiwa TSH ni 14, tezi ya shingo imelegea. Kila asubuhi nameza dawa ya tezi kwa chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Miezi mitatu baadaye TSH ni 12. Shingo na kizazi vinahusiana vipi?*
*Mama wa Kibosho*

Mwanangu, TSH ni homoni inayotoka chini ya ubongo kuiamsha tezi. Kwa kawaida huwa kati ya 0.4 na 4. Ikifika 14, ubongo unaita na tezi haiitikii. Hali hiyo huweza kupandisha pia homoni ya maziwa, ambayo huzuia yai kupevuka. Yai lisipotoka, hedhi hukosa wa kuiita kwa wakati. Ukuta wa mfuko wa uzazi huendelea kunenepa, kisha hubomoka mwingi kwa pamoja. Ndiyo maana unakaa siku 50, unatokwa na mabonge, na mimba haiingii. Kwa mwenye tezi iliyozidi kasi, mara nyingi hedhi huwa haba, huku moyo ukienda mbio na mwili ukikonda.

Tatizo lako la sasa liko kwenye kikombe cha asubuhi. Hedhi nzito imekupunguzia damu, ukapewa vidonge vya madini chuma, navyo vinaishika dawa ya tezi tumboni isiingie mwilini. Maziwa nayo huipunguza. Meza dawa ya tezi peke yake kwa maji, ukiwa hujala, kisha ngoja saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya damu vimeze mchana, angalau saa nne baadaye. Pima tena TSH baada ya wiki sita hadi nane. Kwa anayetafuta mtoto tunapenda ishuke chini ya 2.5.

Usijiongezee madini joto. Yamo kwenye chumvi ya dukani, na yakizidi huweza kuilegeza tezi zaidi.

TSH ikitulia na damu bado ni nyingi, omba ultrasaundi kutafuta uvimbe; na mimba ikiwa bado haiingii, mumeo apimwe mbegu. Ukijaza pedi kila saa au ukiona kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na hedhi ikichelewa tena, pima mimba kwanza. Ikiwa ipo, usiache dawa: rudi kliniki wiki hiyohiyo, kwa kuwa kwa kawaida dozi huongezwa, na mtoto huitegemea tezi yako miezi ya mwanzo.