Mnunuzi akilalamika mbele ya watu: namna ya kujibu bila kujitetea



Tukiuza mahindi kwa mchuuzi, mahindi yetu yanachanganyika na ya wengine, na mnunuzi wa mwisho hajui yalitoka shamba gani. Lakini koperative ikianza kusaga yenyewe na kuuza unga katika mifuko yenye jina lake, jina hilo linafika jikoni. Unga ukiwa mzuri, jina linasifiwa. Ukiwa mubaya, jina linatajwa pia, na siku hizi linatajwa kwenye Facebook ao katika kikundi cha WhatsApp cha kartie, mbele ya watu wengi kwa mara moja.

Katika somo hili tunaangalia lalamiko moja tu, toka mwanzo hadi mwisho. Mfano ni wetu, tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyomo kila koperative inaweza kuyapata.

Lalamiko

Koperative moja ya barabara ya Kasenga inauza mifuko ya unga ya kilo 25 katika depo yake ya Ruashi, hapa Lubumbashi. Siku ya posho jioni, mama mmoja anaandika kwenye ukurasa wa Facebook wa koperative:

“Batu ya Ruashi, muchunge! Bunga ya hii koperative iko buchungu, batoto balikatala bukari. Tena mufuko haifike kilo 25, nilipima kwa jirani. Banatuibia.”

Sekretere anasoma, damu inamupanda, anakamata telefone na kujibu palepale:

“Bunga yetu iko muzuri, batu bote banaisifu. Hakuna mutu mwingine amelalamika. Labda ulichunga vibaya kwako nyumbani, ao umetumwa na bale banauzisha bunga ya Zambia.”

Tusome jibu hili kwa macho ya jirani ambaye naye ana mfuko wa koperative jikoni. Yeye ana swali moja tu: mfuko wangu nao uko hivyo? Jibu la sekretere halimuambii kitu. Linasema unga ni mzuri, na hakuna mtu aliyeupima. Linasema wengine hawajalalamika, lakini wengi hawalalamiki, wanaacha tu kununua. Linamusukumia mama kosa la kuchunga vibaya, na mwisho linamuita mtu wa kutumwa. Jirani anafunga telefone akiwaza: kumbe nikipata shida, mimi pia nitatukanwa.

Hapa ndipo somo letu linaanza. Jibu la mbele ya watu linaandikwa kwa mama aliyelalamika, lakini wanaolisoma zaidi ni wale walionyamaza. Wanataka kujua mambo mawili: ukweli ni upi, na koperative itafanya nini.

Jibu la kwanza ni fupi, na lina siku ndani yake

Hatuwezi kusema ukweli kabla ya kupima. Lakini tukinyamaza siku tatu ili tupime, watu watasema tumekimbia. Kwa hiyo tunajibu mara mbili. Jibu la kwanza linatoka upesi, siku hiyo hiyo ao kesho yake, na halikubali wala halikatai. Siku ya mungu asubuhi, komite ingeweza kuandika hivi:

“Jambo mama. Aksanti kwa kutuambia. Bunga ya buchungu na mufuko isiyofika kilo ni mambo makubwa. Kesho, siku ya kwanza, tutapima mifuko iliyobaki katika depo, na siku ya tatu jioni tutajibu hapa hapa. Tafazali mututumie picha ya mufuko, upande wa namba ya lote. Kwa sasa musiendelee kupika hiyo bunga. Komite ya depo ya Ruashi.”

Muangalie kwamba jibu liko katika Kiswahili cha mama mwenyewe. Tukimujibu kwa Kifaransa cha ofisi, anaona tumepanda juu ya kiti ili tumuangalie toka juu. Tena muangalie kwamba neno “banatuibia” halikujibiwa. Tukiandika “sisi si wezi”, kila anayesoma anakumbuka wizi. Tunajibu mambo mawili yanayoweza kupimwa: kilo na buchungu.

Ile siku iliyoahidiwa ni deni. Siku ya tatu ikifika na kazi haijaisha, tunaandika hata hivyo: tumefika wapi, na tutamaliza lini.

Kupima kabla ya kuandika

Siku ya kwanza asubuhi, komite inaanza na mizani, si na mifuko. Mizani yenye kosa itarudia kosa lilelile kwa kila mfuko. Kwanza wanaiangalia ikiwa tupu: sindano inapaswa kusimama kwenye sifuri. Kisha wanapima bidon tupu, wanaijaza lita 20 za maji kwa chupa ya lita moja, na kupima tena. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo uzito unapaswa kuongezeka kilo 20.

Katika mfano wetu, sindano ya mizani tupu imesimama kwenye gramu 600. Maana yake, kila mfuko ulioonyesha kilo 25 ulikuwa na kilo 24 na gramu 400. Wanaazima mizani nyingine, wanaihakikisha kwa bidon ileile, wanapima mifuko 10 ya lote ya mama, yaani lote 14. Yote inapunguka. Mama alisema kweli.

Kisha buchungu. Kitabu cha depo kinaonyesha kwamba lote 14 ilisagwa wiki saba zilizopita, ikakaa chini ya mabati wakati wa joto. Unga uliosagwa pamoja na kiini cha mbegu una mafuta ndani, na mafuta hayo yanaharibika kwa joto na kwa kukaa muda mrefu. Unga unanuka mafuta ya zamani na kuwa mchungu. Lakini ukungu pia unaweza kuharibu ladha, na sumu za ukungu hazionekani kwa macho wala haziishi kwa kupika. Kwa hiyo wanamemba wananusa tu, hawaonji, na wanaweka mifuko 38 iliyobaki pembeni.

Jibu la pili

Siku ya tatu jioni komite inaandika, chini ya maneno ya mama:

“Mama, na ninyi bote munaosoma. Tulipima mifuko 10 ya lote 14. Ni kweli, haifike kilo 25. Mizani yetu ilikuwa na kosa, na kila mufuko inapunguka gramu 600. Juu ya buchungu: hii lote ilikaa wiki saba katika depo, na inanuka mafuta ya zamani. Hatujajua kama iko na ukungu, juu ya ile tuliondoa mifuko yote 38 iliyobaki. Kila mutu mwenye mufuko ya lote 14 airudishe, hata kama ameifungua. Atapata mufuko mupya ao feza yake. Asiikule, na asiipatie kuku. Tunaomba musamaha. Toka leo tunapima mizani kila asubuhi kwa bidon ya maji.”

Jibu hili linafuata mpango: tulichopima, tulichokuta, tusichojua bado, mnunuzi afanye nini, musamaha, na kilichobadilika kwetu. Musamaha umekuja baada ya ukweli, tena hauna masharti. Tungeandika “tunaomba musamaha kama kuna mutu aliyekasirika”, tungekuwa tunamuhukumu mama kwa hasira yake, na kilo zingebaki zimepunguka. Vilevile, neno “lakini” likifuata musamaha linaufuta. “Tunaomba musamaha, lakini mizani ilikuwa ya kuazima” ni kujitetea. Sababu inaweza kutajwa, kama mizani hapa, ikiwa inamusaidia msomaji kujua mfuko gani una shida.

Kama lalamiko si la kweli

Kujibu kwa upole si kukubali kosa ambalo halipo. Tuseme mizani ilikuwa sawa na mifuko yote 10 ilifika. Tunaandika: “Tulipima mifuko 10 ya hiyo lote, yote ilifika kilo 25. Mama, kama mufuko yenu haijafunguliwa, muilete tuipime pamoja. Kama inapunguka, tutaongeza.” Hatukusema mama amedanganya. Tumeonyesha namba zetu na kumufungulia mlango. Mtu mwenye haki atakuja. Asiyekuja, wasomaji wataona.

Akirudi na matusi, hatujibu mara ya tatu kwa maneno yaleyale. Jibu la kwanza na la pili yanatosha. Tukiendelea, wasomaji hawataona tena kilo, wataona ugomvi. Tena wanamemba wasipande wote kumushambulia ao kujaza sifa kwenye ukurasa. Sifa ishirini za saa moja zinaonekana wazi kwamba zimepangwa.

Kuna lalamiko moja ambalo halingojei siku ya tatu: mtu akisema amegonjwa baada ya kula. Hapo tunasimamisha uuzo wa lote hiyo saa ileile na kuandika kwamba tumeusimamisha. Mambo ya ugonjwa wake tunayaulizia kwa telefone, na tunamuomba aende kwenye santre ya afya. Hatuandiki mbele ya watu kwamba unga wetu ndio ulioleta ugonjwa, wala kwamba sio. Hatujui bado.

Na kuna ahadi moja ambayo isitolewe kamwe: “futa maneno yako, tutakurudishia feza.” Mama ataipiga picha, na picha hiyo itazunguka zaidi ya lalamiko lenyewe. Feza ya mfuko mubaya ni haki yake, maneno yakibaki ao yakifutwa.

Zoezi la mkutano

Katika mkutano ujao, komite ichague mtu mmoja wa kuandika majibu na mwingine wa kuyasoma kabla hayajatoka. Kisha muwape lalamiko hili: “Maharagi ya hii koperative iko na majiwe, nilivunja jino.” Mmoja aandike jibu la kwanza kwa dakika kumi. Mwingine alisome kwa sauti, na wote waseme: kuna siku ndani yake? Kuna neno linalomuhukumu mnunuzi? Jirani mwenye maharagi yaleyale amejua afanye nini usiku huu? Mahali kuna kasoro, liandikwe upya palepale, kabla mkutano haujafungwa.