Barua ya Shukrani kwa Wenyeji wa Ujerumani

SWALI: Nimerudi nyumbani Usa River baada ya masomo Ujerumani. Nataka kuiandikia familia iliyonipokea kule, na kuipelekea kahawa ya Meru. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na tukio moja. "Asanteni kwa kila kitu" haiwaonyeshi ulichokiona kwao. Andika kwa mfano: "Mama, usiku ule wa theluji ulinisubiri kituoni na koti la Baba mkononi. Siku hizi nikipata mgeni, naenda kumngoja barabarani." Sentensi ya kwanza inautaja wema wenyewe, ya pili inaonyesha umezaa nini.

Kisha waeleze ulipo sasa: kazi yako, shamba la migomba na kahawa, Mlima Meru unavyojitokeza mawingu yakifunguka. Weka na salamu za wazazi wako, kwa maneno yao wenyewe. Shida za fedha usizitaje hapa. Zikiingia, shukrani itasomeka kama utangulizi wa ombi.

Kuhusu kahawa, Umoja wa Ulaya husamehe ushuru wa forodha kwa zawadi ya mtu binafsi kwa mtu binafsi isiyozidi thamani ya yuro 45, na kahawa isizidi gramu 500. Basi tuma pakiti mbili za gramu 250 za kahawa iliyokaangwa. Kwenye fomu ya forodha posta, onyesha kuwa ni zawadi na uandike thamani halisi. Ukizidisha kiasi, watakaodaiwa ushuru ni wenyeji wako.