Foleni ya Skrini Haikuambii Pumzika

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Igalula, wilaya ya Uyui, nikifanya zile kazi za mtandaoni za kulipwa kwa kipande. Picha ya barabara inatokea kwenye laptopu, unachora visanduku kuzunguka kila gari, bodaboda na mtembea kwa miguu, unatuma, nyingine inaingia papo hapo. Nilikuwa natafuta hela ya chumba ya muhula unaofuata, kwa hiyo nakaa masaa manne mfululizo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Nikimaliza, nikitazama mwembe ulio ng'ambo ya uwanja, nauona kama uko ndani ya ukungu.

Siku moja bibi, aliyekuwa kibarazani akimenya karanga, akanitazama usoni. “Mume wangu, macho mekundu hivyo, umelia?”

“Hapana bibi, ni kazi tu.”

“Kazi gani hiyo ambayo mtu hanyanyuki?”

Nilicheka, lakini swali lile halikunitoka. Bibi naye hukaa na karanga zake tangu asubuhi. Tofauti ni kwamba kazi yake inamkatiza yenyewe. Ungo ukijaa anasimama kupepeta, maganda yakizidi anakwenda kuyamwaga, mbuzi akisogelea gunia anamfukuza. Mimi foleni yangu haina ungo unaojaa. Kazi moja inavuta nyingine, na mapumziko yale madogo ambayo kazi za mikono zinayo bila mtu kuyapanga yanapotea kabisa. Sasa ndugu msomaji, kama kazi haikukatizi, inabidi ujikatize mwenyewe.

Tuanze na macho. Ndani ya jicho kuna msuli mdogo unaobadilisha umbo la lenzi. Ukitazama kitu cha karibu unakaza, ukitazama mbali unalegea. Kutazama skrini masaa manne ni sawa na kushika ndoo huku umekunja mkono muda wote huo. Ule ukungu kwenye mwembe ulikuwa msuli uliochelewa kulegea. Jambo la pili ni kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, lakini akikazia skrini idadi hiyo hushuka hata chini ya nusu. Machozi yanayolowanisha jicho yanakauka, unahisi mchanga, kisha jicho linaanza kutoa machozi mengi likijaribu kujiokoa.

Ndiyo maana madaktari wa macho hufundisha kanuni ya 20 tatu: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Namba hizo zimewekwa zikae kichwani kirahisi, kwa hiyo usiogope ukipumzika dakika ya 23. La msingi ni umbali, na hapo ndipo nilipokosea wiki nzima. Nilikuwa naacha laptopu na kushika simu. Simu nayo iko karibu, pengine karibu zaidi kuliko laptopu, kwa hiyo ule msuli haukulegea hata kidogo. Mapumziko ya macho ni mwembe, reli, au mtu anayepita barabarani. Ukiwa hapo, pepesa polepole mara kumi, ukifumba kope mpaka zigusane.

Shingo nayo ina hesabu yake. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na kadiri unavyokiinamisha mbele ndivyo misuli ya nyuma ya shingo inavyokivuta kwa nguvu zaidi kisianguke. Laptopu inatutega, kwa sababu skrini na kibodi vimeshikana: ukiweka skrini juu mikono inaning'inia, ukiishusha shingo inainama. Nilichofanya ni kuiweka juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ukawa usawa wa macho au chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa, kisha nikaazima kibodi na mausi za kuchomeka. Miguu ikae bapa sakafuni, mgongo uegemee. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako linang'aa kwenye skrini, likiwa mbele linakuumiza macho. Na tusipunguze mwanga wa skrini mchana kweupe ili kubana chaji, maana hapo unaanza kusogeza uso mbele na shingo inafuata. Lakini hata mkao mzuri ukikaliwa masaa mawili bila kusogea unauma. Mwili unataka kubadilishwa.

Najua mtakachosema: nalipwa kwa kipande, nikisimama hela inasimama. Swali hilo limepimwa. Mwaka 2000, Traci Galinsky na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya waingiza data wa mamlaka ya kodi ya Marekani. Ratiba ya kawaida ilikuwa na mapumziko mawili ya dakika 15 kwa siku. Ratiba ya pili iliongeza dakika 5 katika kila saa isiyokuwa na mapumziko, jumla dakika 20 zaidi. Maumivu ya mwili na uchovu wa macho vilipungua, na kazi iliyoingizwa kwa siku haikupungua, ingawa walikaa kwenye kompyuta muda mfupi zaidi.

Mimi nikajaribu kwangu. Picha moja ilinichukua sekunde 45 hivi, kwa hiyo dakika 20 ni kama picha 26. Nikaacha kutazama saa, nikawa nahesabu: kila picha 25, nusu dakika ya mwembe nikiwa nimesimama. Kila saa ikiisha, dakika 5 nje, mabega nikiyazungusha. Siku ya zamani nilipata picha 80 saa ya kwanza, 76, 68, kisha 57 saa ya nne, jumla 281, na 19 zikarudishwa kwa makosa. Siku ya mapumziko nilipata 72, 71, 70 na 72, jumla 285, zikarudishwa 8. Ni mtu mmoja na siku mbili, siuiti utafiti. Ila inaonyesha uchovu unapojificha: hauonekani saa ya kwanza, unaonekana kwenye saa ya nne na kwenye kazi zinazorudishwa. Nawe andika idadi yako ya kila saa kwa siku mbili, utajua.

Mapumziko haya yana mpaka wake. Ukungu ukiondoka ndani ya dakika chache baada ya kuacha skrini, ni uchovu. Ukibaki mpaka jioni, au ukiona vitu viwili viwili, au kichwa kikiuma kila ukisoma, huenda unahitaji miwani, na mwembe hautakupa miwani, nenda ukapimwe. Vilevile kidole gumba, cha shahada na cha kati vikifa ganzi usiku, mshipa wa fahamu wa kifundo cha mkono unabanwa. Usisubiri muhula uishe.

Nilipomweleza bibi hesabu zangu zote hizo, aliendelea kumenya. “Sisi ni watoto wa wapagazi,” akasema. “Mpagazi hutua mzigo bega likiwa bado zima. Akingoja liume, kesho habebi.”

Kisha akaninyooshea ungo. “Zamu yako. Simama ukapepete.”