Mguu wa Kreni Unapozama Sentimita 12

Simamisha pikipiki kwenye mchanga laini uone. Stendi yake ya pembeni inadidimia polepole, pikipiki inaanza kulala, na usipowahi kuishika inaanguka. Dereva wa bodaboda anajua dawa yake: anaokota jiwe bapa na kuliweka chini ya stendi. Pikipiki haijapungua uzito hata gramu moja, na mchanga haujawa mgumu. Kilichobadilika ni eneo: uzito uliokuwa ukikaa juu ya ncha ya chuma ya upana wa vidole viwili sasa umetandazwa juu ya jiwe la ukubwa wa kiganja.

Jiwe hilo linatosha kutufungulia waraka ambao wahandisi wa madaraja huuandika kabla ya kunyanyua boriti za zege. Waraka huo ni maelezo ya utaratibu wa kazi, na ndani yake mna mpango wa unyanyuaji, hesabu ya ardhi na ramani ya eneo lisiloruhusiwa kuingiwa na watu. Huwa na kurasa nyingi. Mimi naona moyo wake uko chini ya miguu minne ya kreni, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Tuchukue mfano wa daraja dogo juu ya mto wa msimu, kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaojulikana na wenyeji wa mbuga za Shinyanga na wa nyanda za Athi. Boriti zimeshamwagwa pembeni na kukomaa. Kila moja ina urefu wa mita 20, na ukiikata katikati, uso wake una mita za mraba 0.48. Zidisha: mita za ujazo 9.6. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa karibu tani 2.5, hivyo boriti ni tani 24. Kulabu na kamba za waya nazo zinaning'inia kwenye kreni, tuziweke tani 1.5. Zege huzidi kidogo vipimo vya mchoro, na mzigo ukianza kupaa hutikisika, kwa hiyo tunaongeza kiasi cha tahadhari na kufanya hesabu kwa tani 28.

Je, kreni inaweza? Watu huuliza, "Hii ni kreni ya tani ngapi?" wakidhani jibu ni namba moja. Beba ndoo ya maji ukiwa umeikumbatia kifuani, kisha inyooshe mbele kwa mkono mmoja. Ndoo ni ile ile, lakini sasa mgongo unalia. Kinachopima kazi ni uzito mara umbali, na umbali wa kreni hupimwa mlalo, kutoka katikati ya duara inapozungukia hadi pale kulabu inaponing'inia. Huo ndio nusukipenyo. Kreni inayoitwa ya tani 100 inanyanyua tani 100 ikiwa mzigo umeikaribia sana tu. Tuseme jedwali la kreni yetu linaruhusu tani 36 kwa mita 8 na tani 27 kwa mita 10. Kwa mita 8 tuko salama na tani zetu 28. Kwa mita 10 tayari tumezidisha. Kati ya usalama na hatari kuna hatua mbili ndefu za mtu mzima.

Sasa tushuke chini. Kreni yenyewe, pamoja na vyuma vya uzani vya nyuma, ina tani 72. Ongeza mzigo wa 28, zinakuwa tani 100 juu ya miguu minne. Akili ya haraka inagawanya kwa nne na kupata 25 kwa kila mguu. Hapo ndipo wengi hukosea. Mkono wa kreni unapoelekea kona moja, mguu wa kona hiyo unabeba karibu kila kitu, na ule wa mkabala unakaribia kuelea. Kwa makadirio ya awali wahandisi wengi huuwekea mguu mmoja asilimia 75 ya jumla yote, kisha hulinganisha na takwimu za mtengenezaji wa kreni. Kwetu sisi ni tani 75 juu ya mguu mmoja.

Kiatu cha chuma cha mguu huo kina sentimita 50 kwa 50, yaani robo ya mita ya mraba. Tani 75 juu ya robo mita ya mraba ni tani 300 kwa mita ya mraba. Ule udongo mweusi, wakati wa kiangazi ukiwa mkavu na mgumu, tuseme umepimwa na kukubaliwa kubeba tani 15 kwa mita ya mraba, ambazo mhandisi ataziandika kilopaskali 150. Mguu unadai mara 20 ya uwezo wa ardhi. Tunahitaji jiwe bapa la bodaboda, ila kubwa.

Tunaweka jukwaa la mbao nene zilizofungwa kwa boliti, mita 1.8 kila upande. Eneo lake ni mita za mraba 3.24, na shinikizo linashuka hadi tani 23 kwa mita ya mraba. Bado ni nyingi. Chini ya jukwaa tunatandika mawe yaliyoshindiliwa, unene wa sentimita 60. Ndani ya mawe uzito haushuki wima kama mvua isiyo na upepo. Kila jiwe linayasukuma mawili yaliyo chini yake, hayo yanasukuma mengine, na mzigo unatanuka kadiri unavyoshuka. Tukikadiria kwa uangalifu kwamba unatanuka sentimita 30 kila upande, ukifika kwenye udongo unakuwa umekalia mraba wa mita 2.4, sawa na mita za mraba 5.76. Tani 75 zinagawanyika kuwa 13 kwa mita ya mraba, na mawe yenyewe yanaongeza 1.2. Jumla ni 14.2, na ardhi inaruhusu 15. Tumepita.

Jukwaa hilo lazima liwe gumu kweli. Mbao nyembamba zinapinda kama jani la mgomba, pembe zake zinanyanyuka, na uzito wote unabaki pale katikati chini ya kiatu. Ukiona pembe za jukwaa zimeachana na ardhi wakati mguu unakandamiza, basi mita zako za mraba 3.24 zimo kwenye karatasi tu.

Kisha mvua ikanyesha usiku.

Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo mno zilizo kama vigae, na nguvu yake inatokana na jinsi zinavyoshikana. Maji yakipenya katikati yao, sehemu ya mzigo inabebwa na maji badala ya chembe, nazo zinateleza. Kwa udongo wa aina hii, mzigo wa kuuvunja ni takribani mara tano ya nguvu ya kushikana kwake. Ulipokuwa mkavu, nguvu hiyo ilikuwa tani 6 kwa mita ya mraba. Ungevunjika kwenye tani 30, nasi tukajiruhusu nusu. Asubuhi hii nguvu ni tani 2.5, na udongo unavunjika kwenye karibu tani 13. Sisi tunauwekea 14.2. Jukwaa ni lile lile na mawe ni yale yale, lakini mguu utazama.

Tuseme umezama sentimita 12. Si kina cha kutisha machoni. Lakini miguu imeachana mita 7, na sentimita 12 kwa mita 7 ni mwinamo wa karibu nyuzi 1. Ncha ya mkono wa kreni iko juu mita 30, na mwinamo huo unaisogeza nje nusu mita. Nusukipenyo kimetoka mita 8 kikawa 8.5 bila mwendeshaji kugusa kitu. Nusukipenyo kikikua, mguu unaozama unaongezewa uzito, unazama tena, na nusukipenyo kinakua tena. Ndiyo maana kreni inayoanguka huanza polepole, na mwishoni hakuna mkono unaoweza kuizuia.

Uhusiano huu wa mwinamo na umbali haujali kama chini kuna udongo au kuna maji. Tarehe 3 Agosti 2015, katika mji wa Alphen aan den Rijn nchini Uholanzi, kreni mbili zilizosimama juu ya mashua bapa zilipinduka zikiwa zimening'iniza kipande cha daraja, zikaangukia nyumba na maduka kando ya mto.

Kwa hiyo ardhi inapimwa, haikisiwi kwa kupigwa teke. Chombo rahisi ni fimbo ya chuma yenye ncha ya koni na nyundo ya kilo 8 inayodondoshwa kutoka milimita 575. Unahesabu ni milimita ngapi fimbo inazama kwa kila pigo, na unapima kwenye kila mguu, si katikati ya uwanja. Ukiona mahali fimbo inateremka ghafla, simama hapo. Huenda chini kuna kalvati, shimo la zamani au kifusi kisichoshindiliwa. Nyuma ya nguzo ya ukingoni mwa daraja ni pa kuchunguzwa kuliko pote, maana ndipo kreni inapotaka kusimama ili kufupisha nusukipenyo, na ndipo penye udongo wa kujaziwa. Tena mguu ukisimama karibu na ukingo, unasukuma pembeni pamoja na chini. Kama ukingo una kina cha mita 3, mguu usisogee ndani ya mita 3 kutoka hapo, na kwenye udongo laini uende mbali zaidi.

Eneo la kukatazwa nalo linatoka kwenye hesabu ile ile. Boriti yetu ya mita 20 inaning'inia katikati, mita 8 kutoka kreni, na lazima ibaki imepita ubavuni mwa kreni, ikishikiliwa kwa kamba za kuongozea kwenye ncha zote mbili. Kamba moja ikimponyoka mtu, boriti inazunguka: ncha moja inaigonga kreni, nyingine inafika mita 18 kutoka katikati. Ikiwa juu mita 6 na kuanguka, inaweza kusogea au kubiringika zaidi. Utepe basi uwekwe mita 25, na ndani yake wabaki washika kamba na mwelekezaji tu, wasimame kando ya mzigo na kamwe wasiende chini yake. Nyuma ya kreni pia pazungushiwe utepe, kwa kuwa vyuma vya uzani huzunguka kimya na kumbana mtu aliyepita njia ya mkato. Nyumba iliyo ndani ya umbali wa mkono mzima wa kreni iachwe wazi kwa muda huo, hata kama mwenyewe atanung'unika.

Siku yenyewe, boriti inyanyuliwe sentimita 10 kisha isimamishwe hapo dakika kadhaa. Mtu mmoja asitazame boriti kabisa. Kazi yake ni kutazama alama za chaki kwenye miguu na pima maji iliyowekwa juu ya fremu. Akisema, "Injinia, mguu wa mbele kulia umeshuka," boriti inarudishwa chini hapo hapo, na hakuna anayeuliza umeshuka kiasi gani kabla mzigo haujatua. Na kama usiku ulinyesha, fimbo ya koni irudi kwenye miguu yote minne kabla kreni haijanyanyua chochote.