Simu Ikilala, Iache Ilale

Stima ikipotea Malakisi jioni, simu yenye asilimia 30 inatakiwa ifike asubuhi. Isipofika tunalaumu betri, kumbe simu imeamshwaamshwa usiku kucha. Vidokezo hivi ni vya wenye Android.

1. Ilaze mezani, si chini ya mto. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyozimwa kioo, isiyo kwenye chaji na isiyosogea huzama katika usingizi mzito baada ya muda, mara nyingi kama saa nzima. Ukijigeuza na mto ukatikisika, kihisi cha mwendo huishtua na hesabu huanza upya. Mwenye bodaboda anayeshinda njia ya Lwakhakha na simu mfukoni, simu yake haiupati usingizi huo. Android 7.0 ilimwongezea usingizi mwepesi, ambao hauhitaji simu itulie, ila nao huokoa kidogo.

2. Jua chaji inakwenda wapi. Tuseme una programu nne, kila moja inataka kuamka kila dakika 15 kwa wakati wake. Hizo ni mara 16 kwa saa, mara 128 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hata ikitumwa herufi moja, redio ya mtandao hubaki macho sekunde kadhaa baadaye ikingoja nyingine. Gharama kubwa ni kule kuamka, mzigo ni mdogo. Ndiyo maana mfumo hufanya kama matatu ya kwenda Bungoma: haiondoki hadi abiria wajae. Zote nne zikiondoka pamoja, 128 zinakuwa 32. Katika usingizi mzito nafasi zenyewe huzidi kuachana: saa moja, kisha mbili, kisha nne. Simu iliyosinzia saa tano itafungua mlango karibu saa sita, saa nane, na saa kumi na mbili. Mara tatu tu! (Watengenezaji wengine hubadilisha vipimo hivi.)

3. Acha kufagia programu kila mara. Ukiirudia, inaanza upya kabisa, na huko nako ni kula chaji.

4. Mkamate anayeamsha. Andika asilimia unapolala na unapoamka. Ikishuka sana, fungua `Settings`, kisha `Battery`, uone nani anaongoza. Aliyepewa `Unrestricted` huruhusiwa kukwepa foleni. Mrudishe `Optimized`, isipokuwa unamhitaji kweli. Kama hakuna mkosaji, tazama mtandao: penye mawimbi hafifu modemu huhangaika kuyatafuta, na usingizi wa programu hauizuii.

Na usihofie kupitwa. Modemu haisinzii pamoja na programu, kwa hiyo simu ya mtu na meseji ya M-Pesa zitaingia usiku wowote, na kengele ya saa kumi na moja italia.