Mrabaha: Ukatwe Kwenye Mauzo au Kwenye Faida?

Mrabaha ni malipo ambayo kampuni hutoa kwa kuchimba madini ya nchi, kama ile titani iliyochimbwa Kwale hadi Desemba 2024. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, mrabaha ukilipwa serikali kuu hupata asilimia 70, kaunti 20, na jamii ya mahali hapo 10.

Tuanze na gari letu la hapa Eastlands. Mwenye matatu mmoja anamwambia dereva, "Nataka shilingi 5 katika kila 100 za nauli." Mwingine anasema, "Toa mafuta na gereji kwanza, halafu nipe robo ya kinachobaki." Wa kwanza anahesabu abiria tu. Wa pili lazima aamini risiti za dereva, na risiti si kitu cha kuaminiwa ovyo!

Madini ni vivyo hivyo. Tuseme kampuni imeuza kwa shilingi milioni 100, na gharama ni milioni 80. Mrabaha wa asilimia 5 ya mauzo ni milioni 5. Mrabaha wa robo ya faida pia ni milioni 5. Sawasawa. Lakini kampuni ikiandika gharama milioni 96, kwa mfano kwa kununua vifaa bei ya juu kutoka kwa kampuni dada, mrabaha wa faida unashuka hadi milioni 1. Ule wa mauzo haubadiliki.

Hata hivyo, bei ya madini ikianguka na mauzo yakawa milioni 80, faida hakuna. Mrabaha wa mauzo bado ni milioni 4, na hiyo ni hasara kwa kampuni. Ikiendelea hivyo, mgodi unaweza kufungwa mapema na kazi zikaisha.

Sasa kodi ya mapato inaingiaje? Kodi ya asilimia 30 hutozwa faida, na mrabaha huhesabiwa kuwa gharama. Bila mrabaha, faida ya milioni 20 ingetozwa milioni 6. Baada ya mrabaha wa milioni 5, faida ni 15, na kodi ni milioni 4.5. Kumbe mrabaha umeigharimu kampuni milioni 3.5 tu, kwa sababu kodi imepungua kwa 1.5. Kodi hiyo ni ya serikali kuu. Kaunti imepata milioni 1, na jamii laki 5.

Mrabaha wa mauzo nao una mlango wa wizi: kuuzia kampuni dada kwa bei ya chini. Kwa hivyo tusiulize asilimia peke yake. Tuulize tani ngapi zimetoka, zimeuzwa kwa nani, na kwa bei gani.

Maswali ya kikundi:
1. Mwaka wa hasara, jamii ingepata kiasi gani kwa kila njia?
2. Ungekuwa mwenye matatu, ungechagua ipi?